Mwili Si Ushahidi

Katubuka,
Kigoma.

Kwako kaka yangu Zubery,

Shikamoo kaka, na assalaam aleykum. Naomba barua hii ikukute mzima, mlango wa klabu unayoilinda ukiwa bado umesimama, na walevi wa Dar es Salaam wakiwa bado wanakupisha njia. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, ila goti linamsumbua asubuhi. Akishapata chai goti linapona na ulimi unaanza kazi. Vitu ulivyotuma vilifika salama: kanga za mama zimefika, viatu vyangu vimefika na vimenitosha. Kile kifurushi kingine nitakisemea mbele, usiwe na haraka.

Najua utashangaa kuandikiwa barua zama hizi. Lakini simu ya nyumbani unaijua. Mama akipigiwa anaiweka spika, na mpaka tumalize salamu nusu ya Katubuka imeshaitikia. Na ujumbe wa sauti nikikutumia utausikiliza mbele ya mabaunsa wenzako, kama kawaida yako. Haya ninayotaka kukuambia hayafai kusikilizwa na mabaunsa wenzako. Ndiyo maana barua nimempa rafiki yangu Pastory, anakuja huko kwa treni, nimemwambia akukabidhi mkononi, si kwa jirani wala kwa mlinzi mwenzako. Usishangae vilevile hizi karatasi zenye maua pembeni na harufu ya udi. Sijapata mchumba. Zina habari yake, nitakueleza mwishoni.

Nianze na nililotumwa, nisije nikaitwa mkaidi. Mama anasema amesubiri mjukuu vya kutosha. Tangu ulipompandisha shemeji Ummy treni aje apumzike kwa baba yake Ujiji, mama hakukaa. Ameshampata binti, anaitwa Shadya, wa yule mama anayeuza sabuni za mawese pale Mwanga. Binti mwenyewe sina la kumsema, ana adabu na anacheka vizuri. Mama anataka posa iende Ijumaa hii, na ndoa ifungwe ukija likizo. Anasema wewe umeshakubali, kwa kuwa ulipoulizwa ulijibu, "Fanyeni mnavyoona." Na mimi kwa kuwa ndiye mwenye mwandiko mzuri katika nyumba hii, na hilo hata wewe hulipingi, ndiye niliyepewa kazi ya kuandika posa.

Siku waliyokaa kulizungumza, shangazi alijaribu kuuliza kwa upole kama na wewe umewahi kwenda kupimwa, kama shemeji alivyopimwa. Mama alisimama, akaonyesha ile picha yako ukutani, ile uliyovua shati, akasema: "Mtazame mwanangu. Mwili ule utakosa mtoto?" Watu wakacheka, na mazungumzo yakahamia kwenye mahari. Mimi sikucheka. Kwa nini sikucheka, ndiyo habari yote ya barua hii.

Sasa nikupe za jimu, maana najua umeshazitafuta kwa macho. Ile jimu uliyoianzisha nyuma ya nyumba haijafa, imenenepa. Vile vyuma ulivyotengeneza kwa kumwaga saruji kwenye makopo ya rangi bado vipo, na nimeongeza ekseli ya lori na rimu nne. Picha yako nyingine iko pale juu ya benchi, na kila kijana anayeingia huitazama kwanza kabla ya kunisalimia mimi kocha. Wengine hawaulizi habari ya mazoezi kabisa. Wanauliza, "Kocha, yule kaka yako alitumia nini?" Zamani nilikuwa najibu ugali wa muhogo na samaki wetu wa migebuka, na nilikuwa naamini. Sasa hivi najibu kwa kumwonyesha Minani.

Minani humjui. Ni kijana wa wale Warundi waliopewa uraia, anabeba magunia bandarini, na kwa macho yako ungempita njiani bila kumwona. Hana kifua cha kujaza picha. Lakini ameanza na kopo dogo, kila wiki anaongeza kidogo, na leo ananyanyua ekseli ambayo vijana wenye mikono kama mapaja wanaikwepa kwa kujifanya wanaongea na simu. Nikimhimiza aongeze haraka ananiambia kwa Kirundi, "Buhoro buhoro, kocha," yaani polepole. Nami namtania kwamba kwa mwendo huo atajaa akiwa na wajukuu. Ananijibu kwamba basi atawabeba wajukuu.

Tatizo ni kwamba mwendo wa Minani hauna mashabiki. Kijana anataka akiingia mwezi huu mwembamba, mwezi ujao fulana imkatae. Kwenye simu anaona miili inayong'aa, na kila mwenye mwili anasema ni bidii na mayai. Msichana anamtania kifua. Wenzake wanapiga picha kwenye kioo, yeye anajificha nyuma. Basi anapokuja mtu na kichupa akamwambia hii ndiyo njia ya mkato, unadhani atauliza kilichomo?

Ndivyo ilivyomkuta Luqman, yule mvuvi wa Kibirizi uliyemfundisha pushapu akiwa bado anavaa kaptula ya shule. Haya nakuandikia kwa ruhusa yake. Mwenyewe aliniambia, "Mwambie kaka Zubery yote, usipunguze hata moja." Na nimeapa sitapunguza.

Unakumbuka jimu yetu inavyojaa kwa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, vipe, zile boti za dagaa, vinalala ufukweni, na wavuvi wote wanakuja kwetu kunyanyua vyuma. Giza likirudi wanakwenda ziwani, jimu inabaki na mimi, Minani na walimu wawili wa shule ya msingi. Mwaka jana nikaona kila mbalamwezi Luqman anarudi amefura kuliko mwezi uliopita. Mabega yalipanda, shingo ikapotea, mgongo ukajaa chunusi kubwa mpaka akawa havui fulana. Alinyanyua uzito ambao mimi nilikuwa sijaugusa. Nikamsifu mbele za watu, nikamwambia huyu ndiye Zubery wa pili. Alifurahi kuliko siku aliyonunua injini ya boti.

Kumbe alikuwa anajichoma testosteroni, homoni ya kiume, iliyochanganywa kwenye mafuta. Aliinunua kwa mtu anayezunguka na vichupa ndani ya boksi la sabuni. Na hapo sikiliza kosa walilolifanya yeye na wenzake wawili wa kipe kimoja, kosa ambalo nadhani linaweza kufanywa na watu wa Kigoma tu duniani. Waliona dawa ile ni mafuta. Na mafuta wanayoyajua wao ni mawese. Na mawese asubuhi ya baridi yanaganda kwenye chupa mpaka uyaweke juani. Wakakubaliana kwamba ukijichoma wakati wa giza, ukaenda ziwani kupigwa na upepo usiku kucha, mafuta yataganda ndani ya nyama na kukupoozesha. Kwa hiyo wakawa wanajichoma mbalamwezi tu, wanapolala nyumbani chini ya blanketi, tena wanazidisha ili iwatoshe kwa siku za ziwani. Giza likiingia wanaacha kabisa. Wakadhani wamepata hekima mara mbili, hawagandi, na mwili unapata mapumziko.

Asubuhi moja kipe chao kilirudi, Luqman akashindwa kushuka. Homa kali, tako moja limevimba limekuwa la moto, hawezi kukaa wala kusimama. Wenzake wakambeba mpaka kwenye bodaboda, akalazwa kifudifudi katikati ya watu wawili, wakampeleka hospitali. Ndipo nikaitwa mimi, maana mama yake hakuwepo. Daktari aliyetupokea ni mama mmoja anaitwa Honorata. Alilipasua lile jipu, usaha uliotoka sitakueleza kwa kuwa huenda unakula. Akauliza sindano imetoka wapi. Luqman akasema ya malaria. Daktari akamtazama mabega, akamtazama chunusi, akamwambia kwa utulivu kwamba malaria haijawahi kumpa mtu shingo kama ile.

Akasema yote. Kwamba sindano ilikuwa moja kwa watu watatu, wakiisuuza kwa maji ya moto. Daktari akampima virusi vya ukimwi na homa ya ini, akawaita na wale wenzake wawili wakapimwa, na kwa rehema ya Mungu wote wakakutwa salama. Lakini presha ya Luqman ilikuwa juu kama ya mzee, na hajafika hata miaka thelathini. Chini ya chuchu alikuwa na mafundo yanauma. Daktari akaeleza kwamba homoni ya kiume ikizidi mwilini, mwili huigeuza nyingine kuwa ya kike, ndiyo maana mwanaume aliyetafuta kifua cha simba anaanza kuota matiti. Ile habari ya mawese alipoisikia hakucheka, nami nilimheshimu kwa hilo. Alimwambia tu kwamba joto la damu yake ni lile lile akiwa kitandani na akiwa ziwani, na kwamba mafuta yale hukaa ndani ya nyama yakivuja kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo zile siku za giza alizodhani anapumzika, alikuwa hajapumzika hata siku moja.

Luqman akasubiri nitoke. Nilipotoka akamwambia daktari jambo ambalo mimi alikuja kuniambia baadaye mwenyewe, kwamba sehemu zake za siri zilikuwa zimesinyaa, na hamu ya mwanamke imekuja kwa fujo kisha ikaondoka kabisa. Daktari akaagiza apimwe mbegu. Akakataa. Akasema yeye ni mwanaume, atazamwe tu ataonekana. Akakataa siku ile, akakataa aliporudi kufungwa kidonda, mpaka mimi nilipomwambia kwamba kama anaogopa kikombe kidogo cha plastiki basi asinyanyue tena kopo la saruji kwangu. Akapima. Wakaweka kwenye darubini, wakatafuta. Hakukuwa na mbegu hata moja. Wakarudia baada ya wiki kadhaa, jibu likawa lile lile.

Kaka, siku ile Luqman alilia pale kwenye benchi la nje, na mikono yake ile mikubwa, nikawa sijui niishike vipi. Alikuwa na mchumba kijijini Ilagala. Akawa anauliza swali moja tu, mtu anawezaje kuongezewa uanaume akakosa mtoto. Na mimi nilikuwa najiuliza hilohilo. Daktari Honorata akatukalisha wote wawili, akatuambia maneno ambayo nimeyashika kama sura ya Kurani.

"Kichwani kuna kiungo kidogo kinachotuma ujumbe kwa korodani: tengenezeni homoni, tengenezeni mbegu. Ukijichoma homoni kutoka nje, kichwa kinaona imejaa, kinaacha kutuma. Jirani akikuletea chakula kilichopikwa kila siku, nani nyumbani kwako atawasha jiko? Moto unazimika, kuni zinalowa. Misuli inakula chakula cha jirani inanenepa, lakini mbegu hupikwa kwenye jiko lako mwenyewe tu."

Akaongeza kwamba siku jirani akiacha kuleta, unabaki na njaa na jiko la baridi. Ndiyo ule unyonge unaompata mtu akiacha, hana nguvu, hana hamu, halali, anatamani kurudi kwenye sindano ili ajisikie mtu tena. Na wengi hurudi, si kwa tamaa ya misuli, kwa kukimbia unyonge ule. Lakini akasema pia kwamba jiko huwaka tena kwa walio wengi, ikiwa mtu ataacha kabisa na kufuatwa na daktari. Huchukua miezi, wengine mwaka na zaidi, wengine hupewa dawa za kuamsha kiungo kile cha kichwani. Wachache haliwaki. Na kadiri ulivyochoma muda mrefu, ndivyo kuni zilivyolowa.

Luqman aliacha. Alipungua mwili mbele ya macho ya watu, na watu hawana huruma, walimwita puto lililotobolewa. Kuna wiki alizokuwa hatoki ndani, nikawa nampelekea uji na kukaa pale mlangoni nikimsimulia upuuzi. Wale wenzake wawili nao waliacha. Mimi niliandika kwenye mlango wa jimu kwa rangi nyekundu: ANAYECHOMA ASIINGIE. Nilipoteza wateja, wengine wakahamia kwenye ile jimu mpya yenye vioo. Sijali. Na juzi juzi Luqman alipimwa tena. Zimeonekana. Chache, zinajikongoja, lakini zimeonekana. Alinipigia simu kutoka hospitali, akanisomea karatasi ya majibu mara mbili. Mchumba wake wa Ilagala alikuwa ameshaambiwa kila kitu, na hakuondoka.

Sasa nije kwenye kifurushi chako.

Ulijua nimejiandikisha kwenye shindano la miili pale ukumbini. Ukanitumia kile kifurushi ndani ya kiatu cha kushoto, chenye vichupa vinne na sindano mpya zenye karatasi zake. Kisha ukanitumia ujumbe wa sauti. Kaka, nitakuambia ukweli wangu kwa kuwa naudai na wako. Nilikuwa nimeshamwona Luqman akilia. Nilikuwa najua habari ya jiko na kuni. Na bado mkono uliniwasha. Nilikiweka kichupa mezani, nikavua fulana, nikajitazama kwenye kioo cha mama, nikajiona mwembamba. Mimi, kocha. Shetani hakunidanganya kwamba dawa ni salama, aliniambia tu kwamba shindano ni moja na hakuna atakayejua. Ndipo nikaamua kuusikiliza ujumbe wako tena, nipate moyo. Nilipousikiliza mara ya pili nikasikia jambo ambalo mara ya kwanza lilinipita.

Ulisema usiogope mdogo wangu, mimi nachoma tangu nilipoanza kazi hii ya mlangoni, na sijawahi kuumwa. Halafu ukacheka kidogo, ukasema siku hizi nimeongeza, maana nataka mtoto, na hii si ndiyo homoni ya kiume yenyewe.

Nilivaa fulana yangu. Nilikaa kitandani mpaka chai ikapoa.

Vile vichupa nilivipeleka kwa daktari Honorata, avitupe kwa namna inayofaa. Nikamuuliza, bila kutaja jina la mtu, kwamba mwanaume akichoma hivi kwa miaka, na mkewe akapimwa mara tatu akaambiwa hana kasoro, je? Hakumaliza kunisikiliza. Alisema, "Mwambie huyo mwanaume kila anapoongeza dozi kupata mtoto, anamwagia jiko maji." Kisha akasema uje upimwe, huko Dar es Salaam au hapa, na usiache ovyo peke yako kwa hofu, uanze na daktari akusimamie. Alisema kwa namna ya mtu anayetegemea kukuona.

Shindano nilishiriki hivyo hivyo. Tulijipaka mawese kwa kukosa yale mafuta ya dukani, jukwaa zima likanukia kama jiko la kupikia maharage, na jaji mmoja akaomba waliokuwa wakipiga chafya kwa harufu ile watoke nje kwanza. Nilishika nafasi ya tatu. Zawadi yake ilikuwa mfuko wa saruji, usicheke, nimeshamwaga makopo mawili mapya. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa kijana mmoja wa ile jimu ya vioo, ana shingo ya Luqman wa mwaka jana. Nilipompa mkono nilimwambia jimu yetu iko Katubuka, na kwamba akihitaji mtu wa kuzungumza naye nipo. Aliniuliza njia ya kufika.

Kaka Zubery, wewe ndiye uliyenifundisha kusimama wima. Nikipigwa shuleni ulikuja wewe. Baba alipofariki ulibeba jeneza upande wa mbele, na watu wakasema nyumba hii ina nguzo. Sikuvunjii heshima. Lakini nguzo ikiliwa na mchwa, mwenye kuipenda nyumba atasema. Umeogopa kupungua, najua. Mlango ule unakulipa kwa kutisha kwako, na ukisinyaa huenda mwajiri akatafuta mwingine. Basi rudi. Hapa kuna jimu yako mwenyewe, na kuna kazi bandarini kwa mwenye mgongo. Luqman amepungua na hakufa. Wanaomcheka wamechoka kabla yake.

Kila Ijumaa napita Ujiji kumpelekea shemeji samaki. Ananiuliza habari zako kabla sijakaa. Uani kwao kuna sufuria ndogo ya mizizi, mama yetu ndiye anayeichukua kwa mganga na kuituma, michungu hata kunusa huwezi, na shemeji anakunywa kikombe kila asubuhi kwa kuwa mganga amesema ni mgumu wa kuzaa. Wakati mwingine anatapika, anajifuta mdomo, anamalizia. Mama alipokuwa akimbana amwambie kama aliwahi kutoa mimba alimtupia ule msemo, mficha uchi hazai. Shemeji hakuwa na cha kuficha. Leo naurudisha msemo ule kwa mwenye nao: kaka, mficha uchi hazai. Hasira ninayo, siifichi, na huruma ninayo pia, na vyote viwili ni vyako.

Sijamwambia mama wala shemeji Ummy, wala shangazi. Siri ni yako na mdomo ni wako. Lakini mkono ni wangu. Hivi ninavyoandika mama yuko uani anachagua mchele, kila mara ananiuliza kwa sauti nimefika wapi, nami namjibu nakaribia kumaliza. Hizi karatasi za maua alizinunua yeye sokoni, akazifukiza udi, akanikabidhi kwa mikono miwili niandikie posa ya Shadya. Ndizo hizi unazozisoma. Posa haijaandikwa, na haitaandikwa kwa mwandiko huu mpaka wewe uwe umekaa mbele ya daktari. Nikitoka hapa nitamwambia mama hivyo hivyo, kwamba nimekataa na sababu ataipata kwako. Atanirushia mfuniko wa sufuria. Nimeshazoea kukwepa.

Pastory anakusalimu, ingawa yuko mbele yako. Minani anakusalimu bila kukujua. Luqman anakusalimu sana na anasema ukija atakutembeza mpaka Ilagala ukamwone mchumba. Mama anakusalimu na anategemea harusi.

Mama alinunua karatasi za ziada akijua nitakosea. Imebaki moja, safi, nimeikunja ndani ya hizi. Usinijibu mimi kwa karatasi hiyo. Mwandikie Ummy, na mstari wa kwanza mwambie aache kunywa ile mizizi.

Mdogo wako akupendaye,
Abdulkarimu.